Ile Asilimia Ishirini ya Dada Yangu

Mama alianguka Aprili 2025, asubuhi ya mvua, kati ya choo na jiko, nyumbani kwake Koboko, Uganda. Kitinda mimba wetu, anayeishi naye, alimkuta amekaa kwenye tope akivuta kanga ifike magotini. Mguu wa kushoto ulikuwa umegeukia nje na umefupika kidogo. Hiyo ni dalili ya nyonga iliyovunjika. Siku ile sikuijua, sasa naijua. Jirani alitoa pikapu, wakamlaza juu ya godoro na kumleta Arua, kilomita zipatazo 55 za lami, kitinda mimba akimshika kichwa njia nzima.

Daktari alitueleza bila kuzunguka. Mfupa umekatika shingoni mwa paja. Mtu wa umri ule akiachwa kitandani asubiri uunge, vidonda vya mgongo na maradhi ya mapafu humfikia kabla mfupa haujaunga. Upasuaji pamoja na chuma ungekuwa milioni 6 na nusu. Nilitoka nje, nikasimama chini ya mti wanapoegesha bodaboda, nikampigia dada yangu anayenifuata.

"Una pesa kule NSSF," nilimwambia. "Umri wako unaruhusu."

Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Sawa, kaka."

Mama alipasuliwa, na leo anatembea kwa fimbo mpaka kwenye mwembe na kurudi. Sijutii upasuaji. Ninachojutia ni wepesi wa sauti yangu katika ile simu, na ndiyo sababu ya makala haya.

Dada yangu ana miaka 46. Kwa miaka 14 alifanya kazi katika mashirika yanayohudumia wakimbizi, kwanza Rhino Camp, baadaye Bidibidi. Mapema mwaka 2025 fedha za misaada kutoka Marekani ziliposimamishwa, mkataba wake ulikatwa, kama ilivyowapata wengi hapa West Nile. Alichobaki nacho kilikuwa akiba yake katika Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii: asilimia 5 aliyokatwa kwenye mshahara kila mwezi na asilimia 10 aliyoongezewa na mwajiri. Kwa kawaida fedha hizo huzigusi mpaka ufike 55, au 50 kama umekaa mwaka mzima bila ajira. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2022 yalifungua mlango mdogo: aliyefika miaka 45 na kuchangia kwa miaka 10 anaweza kuchukua hadi asilimia 20 ya alichonacho.

Yeye alikuwa na milioni 38. Asilimia 20 yake ni milioni 7 na laki 6. Ikatosha hospitali, na kilichobaki kikaishia kwenye dawa, usafiri na chakula cha waliomuuguza.

Sasa tazama tulichokula. Kwa miaka ya karibuni Mfuko umekuwa ukiwaongezea wanachama faida ya asilimia 10 hivi kwa mwaka, mara kidogo chini, mara juu. Mwaka wa fedha 2023/24 ilikuwa 11.5. Tuchukue 10 tu. Milioni 7 na laki 6 zikikaa miaka tisa, mpaka afike 55, zinakuwa karibu milioni 18. Bei za vitu nazo zitapanda, kwa hiyo milioni 18 za wakati huo hazitanunua kama za leo. Bei zikipanda kwa asilimia 5 kila mwaka, zitakuwa na nguvu ya milioni 11 na nusu za sasa. Bado ni hasara kubwa kuliko tarakimu ya stakabadhi ya hospitali, na kwa kuwa hana mwajiri, hakuna anayeongeza tone juu ya kile kilichobaki.

Na mimi? Mimi ni mwalimu wa serikali. Pensheni yangu haikatwi kwenye mshahara. Hulipwa na hazina ya nchi nikistaafu nikiwa na miaka 60. Nikiwa bado kazini siwezi kuchota humo hata shilingi, kwa mama wala kwa mwana. Kwa hiyo mwezi ule wa Aprili hakuna aliyenigeukia na kusema, "Kaka, chukua asilimia 20 ya uzee wako." Uzee wangu ulikuwa umefungwa kwa kufuli la serikali, wa dada yangu ulikuwa umefungwa kwa kamba, nasi tukafungua kilichofunguka. Nimeona jambo hili katika nyumba nyingi tangu nianze kuuliza. Hatumtwishi mzigo mwenye nguvu zaidi. Tunamtwisha yule ambaye akiba yake inafikika.

Wazazi wetu wenyewe hawana akiba ya kuguswa. Sheria iliyouunda Mfuko huu ni ya mwaka 1985. Wakati huo sisi tulikuwa bado Sudan, tulikokimbilia mwaka 1980 baada ya Amin kuanguka, dada yangu huyohuyo akiwa mgongoni mwa mama. Marehemu baba alikata miwa kusini, akalima tumbaku aliporudi, akafa bila kuacha pensheni wala daftari. Kizazi kile kilitarajia watoto ndio wawe mfuko, na sisi hatukatai. Ila sisi pia tuna watoto, na sitaki mwanangu asimame siku moja chini ya mti uleule na kumpigia dada yake simu ileile.

Agosti tulikutana Koboko, wanne wote, chini ya mwembe. Nilitaka kikao hiki kiwe na hesabu, kwa sababu vikao vyetu vya nyuma vilikuwa vya hotuba. Mkubwa anazungumzia baraka za wazazi, mdogo anaomba radhi kwa hali ngumu, kisha kila mmoja anasema atatuma "kitu". Kitu hakina tarakimu, wala tarehe.

Kitinda mimba alileta daftari la shule la kurasa 48. Kumbe tangu mama atoke hospitali alikuwa akiandika kila kinachotoka, kwa mwandiko mdogo wa kubana karatasi. Dawa za shinikizo la damu, ambazo kituo cha afya huzitoa bure zikiwapo na duka huziuza zisipokuwapo. Pampasi za watu wazima, ambazo sote tuliona haya kuzitaja kwa sauti. Sabuni, kuni, bodaboda ya kwenda kliniki, maziwa. Tulipojumlisha miezi mitatu na kugawa, ilitoka shilingi 320,000 kwa mwezi. Mimi nilikuwa nikikisia 150,000, na nilikuwa nikituma 50,000 nikijiona mwana mwema.

Lakini daftari lilikuwa na kurasa tupu mahali ambapo ilipaswa kuandikwa kazi yake mwenyewe. Kabla ya Aprili alikuwa na meza sokoni Koboko, akiuza samaki wakavu wanaotoka Ziwa Albert. Kwenye meza ile sasa anauza mwingine. Yeye humgeuza mama usiku, humwogesha, hufua, hupika enyasa laini. Hana mwajiri, kwa hiyo hana anayemchangia NSSF. Hana mtaji, kwa hiyo hana kikundi cha kuweka na kukopa, maana huko huingii bila cha kuweka. Ana miaka 38. Katika sisi wanne, yeye ndiye anayelipa zaidi, na yeye ndiye atakayezeeka bila chochote. Tulikuwa tukimwita "anayekaa tu nyumbani".

Kwa hiyo tukaongeza mistari miwili kwenye bajeti. Wa kwanza ni posho yake, 150,000 kwa mwezi: 120,000 mkononi na 30,000 zinazokwenda moja kwa moja kwenye akiba yake ya hiari. Mfuko hupokea siku hizi michango ya mtu asiye na mwajiri, na huhitaji barua ya ofisi yoyote. Elfu 30 zinaonekana chache. Lakini zikiwekwa kila mwezi kwa miaka 15, kwa faida ya asilimia 8, anakuwa na zaidi ya milioni 10, wakati alichoweka ni milioni 5 na laki 4. Mstari wa pili ni dharura, 80,000, zinazokaa kwenye akaunti ya SACCO yenye watia saini wawili. Jumla ikawa 550,000.

Mdogo wetu wa tatu kuzaliwa, mfanyabiashara, ambaye hupeleka bidhaa Yei na Juba, alisema tugawe sawa kwa wanne. Inasikika kama haki. Lakini kugawa sawa kungemtoza kitinda mimba fedha asizonazo juu ya kazi anayoifanya, na kungemtoza dada asiye na kazi sawa na mwenye duka. Mimi nikasema tugawe kwa kipato. Dada yangu akakataa, na alikuwa na sababu.

"Kipato si kinachobaki," alisema. "Mimi nilipokuwa na mshahara mkubwa, mlihesabu mshahara. Hamkuhesabu kwamba mkataba ni wa mwaka mmoja mmoja."

Tukakubaliana hivi. Kila mmoja aanze na kinachoingia mkononi kwa mwezi; kwa mfanyabiashara, wastani wa miezi 12, si mwezi mzuri wala mwezi wa mpaka kufungwa. Atoe kwanza akiba yake ya uzeeni, asilimia 10, ila kama imeshakatwa na mwajiri. Kisha atoe matumizi ya lazima ya nyumba yake: chakula, kodi, ada. Kinachobaki tukakiita bakaa, na bakaa ndiyo inayochangishwa kwa uwiano.

Kilichobishaniwa ni ule mpangilio wa akiba kutoka kabla. Shangazi aliyekuwa akisikiliza kutoka jikoni aliona ni ukosefu wa adabu, kwamba mtu anajiwekea kabla hajamlisha mamaye. Nilimjibu kwamba mwanamume wa miaka 55 asiyeweka chochote ni mzazi mgonjwa anayesubiri zamu yake, na bili yake atamwachia mwanawe. Hakuridhika. Aliendelea kupepeta mtama kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Hesabu yangu ilikuwa hivi. Napokea 900,000. Nikatoa 90,000 za SACCO, maana pensheni hucheleweshwa nami nataka cha kusubiria. Nikatoa 560,000 za nyumba. Bakaa 250,000. Mdogo wangu mfanyabiashara alipata wastani wa 1,200,000, na baada ya akiba na nyumba yake akabaki na 350,000. Dada alibaki na sifuri. Jumla ya bakaa ya familia nzima ni 600,000, na bajeti ni 550,000. Kwa karatasi inatosha. Kwa maisha haitoshi, kwa sababu ukichukua shilingi tisa katika kila kumi za bakaa ya mtu, mwezi wa tatu atavunja ahadi au atavunja akiba. Hapo ndipo familia nyingi huanza kuitana majina.

Hesabu ilipokwama ndipo mama akasema, kutoka kwenye mkeka wake, "Na ile kodi yangu?"

Mama ana vyumba viwili vya kupangisha pembeni mwa mji, alivyovijenga kwa fedha za tumbaku, kiwanja kikiwa kwa jina lake. Kila kimoja hulipiwa 70,000. Tangu baba afariki mdogo wangu ndiye alikuwa akikusanya, na zilikuwa zikiingia kwenye biashara yake "kwa muda". Hakuna aliyemwita mwizi. Yeye mwenyewe aliangalia chini, akachora kitu kwenye vumbi kwa kijiti. Lakini wakati ule dada yangu akichota akiba yake, shilingi 140,000 za mama mwenyewe zilikuwa zikisafiri kwenda Juba.

Kama ningeweza kuwaambia wasomaji jambo moja kuhusu kugawana gharama hizi, lingekuwa hili: anzeni na mali ya mzazi. Si kwa tamaa. Kodi yake, ng'ombe wake, mavuno ya shamba lake, posho anayostahili, vyote viingie kwenye bajeti yake kabla ya mtoto yeyote kutoa shilingi. Tunaogopa kuuliza kwa kuwa inafanana na kugawana urithi mtu akiwa hai. Matokeo yake mali ya mzee inalindwa kwa ajili ya watakaorithi, na akiba ya mtoto mmoja ndiyo inayomuuguza.

Upande wa posho hatukufanikiwa. Mpango wa serikali wa kuwasaidia wazee, SAGE, hulipa shilingi 25,000 kwa mwezi, na ulipopanuliwa nchi nzima mwaka wa fedha 2020/21 umri uliwekwa miaka 80. Mama alikuwa ameshaolewa siku bendera ya Uhuru ilipopandishwa mwaka 1962, kwa hiyo 80 ameifikia. Kitambulisho chake kinasema alizaliwa 1950. Karatasi zozote zilizokuwapo ziliachwa nyuma tulipovuka mpaka, na aliyemwandikisha miaka hii ya karibuni alimtazama usoni akakadiria. Wazee wengi wa huku wana umri wa namna hiyo. Kurekebisha kunawezekana, kwa viapo na safari za ofisini, na tumeanza. Bajeti tumeiandika kama vile posho haipo.

Kwa hiyo: 550,000 ukitoa kodi ya vyumba inabaki 410,000. Dada yangu, ambaye hana fedha lakini ana siku, akasema atakuja Koboko siku za soko kumshikia mama, ili kitinda mimba arudi kwenye meza yake siku mbili kwa wiki. Mkononi posho ikashuka kutoka 120,000 hadi 60,000; zile 30,000 za akiba hazikuguswa. Ikabaki 350,000 ya kuchangwa na wawili: mimi 146,000, mdogo wangu 204,000. Ni zaidi kidogo ya nusu ya bakaa ya kila mmoja. Inauma, lakini inabebeka. Dada akipata kazi, tunaanza hesabu upya mwezi huohuo, na vilevile mmoja wetu akipoteza.

Zote zinatumwa mara moja kwa mwezi kwa simu ya kitinda mimba, tarehe 5. Kabla ya hapo tulikuwa tukituma 20,000 leo, 15,000 kesho, na kila zikitolewa kuna ada ya wakala na kodi ya serikali ya nusu asilimia. Si fedha nyingi, lakini kubwa zaidi ni kwamba mtu anayeomba mara nane kwa mwezi huanza kujiona ombaomba.

Lilibaki deni. Nililiita hivyo mwenyewe, mbele ya wote: zile milioni 6 na nusu za upasuaji hazikuwa mchango wa dada, zilikuwa mkopo kwa familia. Yeye abebe milioni 1 na nusu kama mtoto wa mama, mdogo wangu milioni 3 kwa sababu ya kodi aliyokaa nayo, mimi milioni 2. Yangu nalipa 50,000 kila mwezi kwa miezi 40, na haiendi mkononi mwake bali kwenye akaunti yake ya hiari ya Mfuko, ili isije ikawa ada ya mtoto wa binamu. Haitarudisha faida ya miaka iliyopotea. Lakini mtu akitoa asilimia 20 ya uzee wake, walau iandikwe mahali kwamba alitoa.

Jambo moja tulilikataa. Mdogo wangu alipendekeza kitinda mimba asilipwe posho, "kwa kuwa nyumba hii itakuwa yake mwishowe". Ahadi hiyo naisikia kila mahali Arua na Koboko, na kwa kawaida huaminiwa na yule anayeuguza peke yake. Mzazi akifa bila wosia, Sheria ya Mirathi kama ilivyorekebishwa 2022 huwapa watoto na wajukuu asilimia 75 ya mali, wakigawana. Hakuna fungu la aliyefua mashuka. Na kama ardhi ni ya ukoo, wazee wa ukoo watakuwa na lao, hasa kwa mtoto wa kike. Kama mama anataka nyumba iwe ya kitinda mimba, aandike wosia, autie saini au dole gumba mbele ya mashahidi wawili wasio warithi. Akiandika, heri. Posho inaendelea hata hivyo, kwa kuwa wosia hulipa baadaye na mgongo unauma sasa.

Mama alisikiliza yote. Kisha akauliza kama kuna mstari wa sukari.

Kitinda mimba sasa ana daftari la pili. Ukurasa wa nyuma kabisa ameandika jina lake, na chini yake tarakimu moja inayoongezeka kwa 30,000. Siku mbili kwa wiki ananuka samaki, na ni mwepesi wa kucheka kuliko alivyokuwa Agosti. Kodi ya Desemba mdogo wangu aliileta tarehe 9. Ya Januari bado.